Pesa ya Jumamosi Imeingia: Je, Ni ya Vipande Vyote Ulivyoshona?

Simu inalia, unaangalia: umepokea shilingi 3,617. Mesej inakuambia nani ametuma, saa ngapi, na salio lako sasa ni ngapi. Haikuambii pesa hiyo ni ya kola ngapi. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa Jumamosi jioni unapoanzia, na kila wiki watu wanatuuliza kama sisi kwenye mfumo wetu tunaweza kuona wamekatwa wapi. Hatuwezi. Sisi tunaona kiasi kilichotumwa, basi. Hesabu ya kazi iko kwa mwenye karakana na, kama umejipanga, iko kwako pia.

Makala hii ni ya fundi anayelipwa kwa kipande, au kwa pisi kama wengi wanavyosema. Ukipita Changamwe, Jomvu na Miritini utakuta viwanda vikubwa vya nguo vya EPZ, na huko kawaida ni mshahara wa mwezi na tageti ya kufikia. Tunayemzungumzia hapa yuko kwenye karakana ndogo ya mashine nane au kumi, Kisauni, Likoni au Mikindani, inayoshona sare za shule, dera au mashuka. Analipwa kwa kila kipande, kila wiki, kwa simu. Msimu wa sare kabla ya shule kufunguliwa Januari ndio wakati wa kazi nyingi zaidi, na pia ndio wakati hesabu zinapochanganyika zaidi.

Kabla hatujafika kwenye hesabu, kuna jambo la sheria ambalo mafundi wengi hawalijui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi karatasi inayoonyesha malipo yote, kilichokatwa na sababu ya kukatwa. Ndiyo ile peislipu. Lakini mwisho wa kifungu hicho hicho sheria inasema sharti hilo halimhusu kibarua wa siku, wala anayelipwa kwa kipande. Kwa hiyo mtu ambaye malipo yake yanabadilika kila wiki, na ambaye angehitaji karatasi hiyo kuliko wengine wote, ndiye sheria imemwacha nje. Tunaona ni pengo baya, ila ndivyo lilivyo. Maana yake ni kwamba daftari lako ndilo peislipu yako.

Kazi inahesabiwaje

Kwenye karakana nyingi, nguo haishonwi na mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkataji anatandika vitambaa tabaka juu ya tabaka, anakata, halafu anafunga vipande kwa mabando. Kila bando linapewa tikiti yenye staili, saizi, namba ya bando na idadi ya vipande vilivyomo. Mmoja anashona kola, mwingine anapachika mikono, mwingine anapiga ovaloki, mwingine vifungo. Kila kazi ina bei yake. Ukimaliza bando, mkaguzi anaangalia, na karani anaandika namba ya bando chini ya jina lako au namba ya mashine yako.

Angalia pesa yako imepita mikono mingapi kabla ya kufika kwenye simu: mkataji aliyehesabu vipande, mkaguzi aliyekubali au kukataa, karani aliyeandika, na mwenye karakana aliyejumlisha na kutuma. Mara nyingi pesa haipotei kwa sababu kuna mwizi. Inapotea kwa sababu mmoja kati ya hao amehesabu tofauti na wewe, au amefunga hesabu siku tofauti na unayodhani.

Ndiyo maana daftari lenye "Jumatatu nimefanya kazi sana" halisaidii. Kila bando linahitaji mstari wake: tarehe, namba ya bando, kazi uliyofanya, vipande ulivyopokea, na vipande vilivyokubaliwa. Ile namba ya bando ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee inayopatikana pia kwenye daftari la karani. Ukienda kwake na kusema "nilishona mia tano na kitu," atakuonyesha jumla yake nanyi mtabaki mnabishana. Ukimwambia "bando namba 41 silioni," anafungua ukurasa anatafuta.

Na uhesabu vipande unapopokea bando, kabla ya kukaa kwenye mashine. Tikiti inaweza kusema 24 na ndani mko 22, labda kitambaa kilikuwa na dosari, labda roli liliishia katikati ya tabaka. Ukigundua asubuhi, mkataji anarekebisha tikiti na hakuna neno. Ukigundua baada ya kushona, utaonekana umepoteza vipande viwili vya watu.

Wiki moja, hatua kwa hatua

Wacha tuchukue mfano. Namba ni zetu, tumezitunga ili hesabu ifuatike, lakini mpangilio wake utaufahamu. Fundi yuko Mtopanga, anashona mashati ya shule. Kola ni shilingi 7 kwa kipande, mikono ni shilingi 5. Kila bando lina vipande 24. Analipwa Jumamosi jioni.

Daftari lake la wiki linasema hivi. Kola: Jumatatu mabando 4, Jumanne 5, Jumatano 4, Alhamisi 5, Ijumaa 4, Jumamosi 2. Hayo ni mabando 24, yaani kola 576. Mikono: bando 1 Ijumaa na mabando 3 Jumamosi, yaani mashati 96.

Anapiga kalkuleta: 576 mara 7 ni 4,032. 96 mara 5 ni 480. Jumla 4,512. Simu inasema 3,617. Pungufu ni 895, na damu inaanza kuchemka.

Sasa subira kidogo. Asimpigie bosi bado. Kuna maswali matatu ya kujibu kwanza, na yote matatu anaweza kuyajibu akiwa peke yake.

La kwanza ni: wiki ya karani inaisha lini? Malipo yakitumwa Jumamosi jioni, mara nyingi hesabu imefungwa Ijumaa jioni, kwa sababu karani anahitaji muda wa kujumlisha. Kazi ya Jumamosi inahamia wiki inayofuata. Fundi wetu Jumamosi alishona mabando 2 ya kola, shilingi 336, na mabando 3 ya mikono, shilingi 360. Jumla 696, na haimo kwenye malipo haya. Lakini kwa mantiki hiyo hiyo, kazi ya Jumamosi iliyopita lazima iwemo. Anarudi ukurasa wa nyuma: Jumamosi ile alishona mabando 3 ya kola, vipande 72, shilingi 504. Kwa hivyo anachukua 4,512, anatoa 696, anaongeza 504. Anapata 4,320.

Hapa ndipo watu wengi wanaposhikwa. Wanakumbuka kutoa Jumamosi ya wiki hii na wanasahau kuongeza ile ya wiki jana, au kinyume chake. Na mtu aliyeanza kazi juzi tu, wiki yake ya kwanza itaonekana fupi kwa siku nzima. Pesa hiyo haijaliwa, iko njiani. Atakayeacha kazi ndiye anayetakiwa kuwa macho, kwa sababu Jumamosi yake ya mwisho inabaki mkononi mwa mwenye karakana mpaka wiki inayofuata, na wengi hawarudi kuidai.

Swali la pili ni vipande vilivyorudishwa. Mkaguzi alimrudishia kola 14 wiki hii kwa sababu ncha hazikulingana. Alizifumua, akarekebisha 9, zikakubaliwa kabla ya Ijumaa. Zilizobaki 5 bado ziko kwenye kikapu chake. Karakana nyingi hazilipi kipande mpaka kikubaliwe, kwa hiyo anatoa 5 mara 7, shilingi 35. Inabaki 4,285. Zile 9 alizorekebisha zinalipwa mara moja tu, si mara mbili, hata kama zimemchukua muda mara mbili. Inauma, lakini ndiyo kanuni ya kazi ya kipande: unalipwa kwa kitu kilichokubaliwa, si kwa saa ulizokaa.

Swali la tatu ni pesa ulizokwisha kula. Jumatano alihitaji pesa ya gesi, akaomba adivansi, akatumiwa 500. Ameshasahau. Simu haijasahau. Anafungua taarifa ya miamala, anatafuta jina la aliyemtumia, anaangalia wiki nzima wala si Jumamosi pekee. 4,285 toa 500 inabaki 3,785.

Alichopokea ni 3,617. Sasa pungufu halisi ni shilingi 168.

Kutoka 895 hadi 168. Zile 727 nyingine zote zina maelezo, na kama angempigia bosi simu kwa hasira ya 895, bosi angetaja adivansi ya Jumatano, fundi angenyamaza kwa aibu, na ile 168 ambayo ni haki yake ingepotea humo humo.

Pungufu lina sura yake

Kiasi kilichobaki chenyewe mara nyingi kinakuambia kimetokea wapi. Igawe kwa bei ya kipande. 168 gawa kwa 5 ni 33.6, na hakuna mtu anayeshona shati sita ya kumi. Kwa hiyo si mikono. 168 gawa kwa 7 ni 24 kamili, na 24 ni bando moja. Fundi wetu sasa hatafuti tena "pesa." Anatafuta bando moja la kola lililotoka kwenye daftari la karani kati ya Jumamosi ile na Ijumaa hii.

Kama kosa lingekuwa kwenye bei, sura ingekuwa nyingine. Tuseme staili mpya imeingia na mwenye karakana amelipa kola kwa 6.50 badala ya 7, bila kumwambia mtu. Kola zilizolipwa wiki hiyo zilikuwa 595. Nusu shilingi kwa kila moja ni 297.50. Pungufu la namna hiyo halilingani na bando lolote, na dalili yake kubwa ni kwamba kila mtu anayeshona kola amepungukiwa, mwenye kazi nyingi zaidi na mwenye kazi kidogo kidogo. Ulizia jirani wa mashine ya pili kabla hujaenda ofisini. Kama ni wewe peke yako, yaelekea ni bando. Kama ni nyote, yaelekea ni bei.

Pungufu dogo, la shilingi 14 au 21, mara nyingi ni vipande viwili au vitatu: bando lililokuwa na vipande pungufu ambavyo hukuhesabu asubuhi, au kipande kilichokataliwa bila kurudishwa kwako. Na pungufu ambalo ni lile lile kila wiki, ushone mengi ushone machache, halihusiani na vipande kabisa. Hilo ni makato. Huenda ni chai, huenda ni uzi, huenda mwenye karakana anakukata gharama ya kutuma pesa. Kwa kawaida gharama ya kutuma inamkata anayetuma na gharama ya kutoa inamkata anayetoa. Kama unakatwa ya kutuma, muulize wazi ilikubaliwa lini.

Kuna moja ambalo tunaliona sana upande wetu, na mwenye karakana hana kosa hata kidogo. Kama una deni la ovadrafti kwenye laini, kama vile Fuliza, pesa ikiingia tu deni linakatwa lenyewe. Mtu anaangalia salio, anaona 2,900, anasema ametumiwa 2,900. Hapana. Kwenye mesej soma kiasi ulichopokea, usisome salio. Salio lina hadithi zake nyingine.

Turudi kwa bando letu. Fundi anafungua daftari na kuorodhesha namba za mabando ya kola, 25 kwa jumla: 22 ya Jumatatu hadi Ijumaa, na 3 ya Jumamosi iliyopita. Jumatatu asubuhi, kabla kazi haijachangamka, anamwendea karani.

"Dada, naomba tuangalie pamoja. Hesabu yangu ina mabando 25 ya kola, pesa imekuja ya 24."

"Si nilikulipa zote?"

"Labda. Nisomee namba, mimi nitakuwa natia tiki."

Namba 41 haipo. Ni bando la tano la Jumanne. Wanatafuta mstari wa 41 na wanaukuta chini ya mashine namba 6, wakati yeye anakaa namba 9. Mwandiko wa haraka, mkia wa tarakimu umeangukia upande usiofaa. Aliyeko mashine namba 6 alipokea 168 za ziada na labda hakugundua, kwa sababu naye hana daftari.

Makosa ya namna hii yanarekebishwa kwa dakika kumi siku ya pili yake. Baada ya wiki tatu tikiti zimeshatupwa, mashati yameshafika shuleni, na hakuna wa kukumbuka. Kwa hiyo fanya hesabu Jumamosi usiku au Jumapili, uliza Jumatatu. Na tikiti zako usizitupe. Kama karakana yenu inakata kipande cha tikiti na kukupa, kibandike kwenye daftari siku hiyo hiyo. Kama hawakupi, piga picha tikiti unapopokea bando.

Bosi akikataa kuangalia

Wapo wanaokataa. Hapo sheria ina machache ya kukushikia, na inafaa uyajue kwa usahihi.

Kwa kazi ya kipande, kifungu cha 18 kinasema ulipwe kulingana na kazi uliyofanya, mwisho wa mwezi au kazi inapokamilika, kipi kitangulie. Malipo ya kila wiki ni makubaliano yenu, ila kiasi kulingana na kazi si hiari ya mtu. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea pale mfanyakazi alipokusudia au alipopuuza kwa makusudi. Kola iliyopinda kwa bahati mbaya si kusudi. Na makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za malipo yako.

Kuna pia suala la bei. Mara nyingi bei ya kipande inatajwa kwa mdomo: "kola ni saba." Sheria inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, wenye kiwango cha malipo au namna yanavyohesabiwa, na ni mwajiri anayetakiwa kuuandaa. Kesi ikifika mbele na yeye hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa au kukikanusha unamwangukia yeye. Hata hivyo usingoje kesi. Staili mpya ikianza, mtumie ujumbe mfupi: "Bosi, kola za staili hii tumesema 7, sivyo?" Akijibu "sawa," una bei kwa maandishi na tarehe yake.

Ukihitaji kwenda mbele, mlango wa kwanza ni ofisi ya kazi ya serikali Mombasa, kisha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo pia inakaa Mombasa. Madai ya namna hii yana muda wa miaka 3. Unachobeba ni daftari, tikiti au picha zake, na taarifa ya miamala ya miezi husika. Usitegemee orodha fupi ya simuni, inaonyesha miamala michache ya mwisho. Omba taarifa kamili ya miezi unayoidai, yenye jina la mtumaji na tarehe. Taarifa hiyo inathibitisha ulichopokea. Daftari linathibitisha ulichoshona. Moja bila nyingine haifiki mbali, na hili tunalisema tukijua kwamba upande wetu ni ule mmoja tu.

Kipimo kingine cha haraka, kama unajiuliza iwapo bei yenyewe ina maana: agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Ukiigawanya mwaka mzima kwa wiki, inakuja kama 3,700. Fundi wetu, kabla ya kutoa adivansi na zile kola 5, alikuwa na 4,320. Yuko juu yake, kwa wiki iliyojaa kazi. Lakini wiki ambayo kitambaa kimechelewa na mabando ni 15, kola zake zote hazifiki 2,600, hata kama alikaa kwenye mashine siku zote sita. Andika pia siku ulizokaa bila kazi. Baada ya miezi miwili utajua kama tatizo lako ni hesabu ya karani au ni bei na uhaba wa mabando, na hayo ni mazungumzo mawili tofauti.

Karani amesharekebisha mstari wa 41, na 168 itaongezwa kwenye malipo yajayo. Kwa hiyo ukurasa mpya wa daftari unaanza na mistari mitatu kabla ya bando la kwanza la Jumatatu: 696 za Jumamosi iliyopita, kola 5 zilizo kwenye kikapu ambazo ni 35 zikikubaliwa, na 168 za bando namba 41.